Bei ya Mwisho Ndiyo Inayokuchoma

Swali la wiki: "Kampuni ninayobetia imenishushia dau la juu hadi shilingi 2,000 baada ya miezi michache ya kushinda. Jamaa yangu anayeliwa kila wikiendi anaweka hata laki tano bila kuulizwa. Wanatujuaje, na kwa nini wananibana mimi?"

Niliwahi kukaa kwenye meza ya odi ya kampuni moja ya kubeti, kwa hiyo nitajibu kwa jinsi mambo yanavyoonekana ukiwa upande wa pili wa kioo. Kwanza, ndugu muulizaji, pesa ulizoshinda huenda hazikuwa hata sababu kuu. Akaunti nyingi zinazobanwa zina faida ndogo sana, na nimeona zilizobanwa zikiwa kwenye hasara. Kinachotazamwa zaidi ni odi uliyoichukua ukiilinganisha na odi iliyokuwepo sekunde chache kabla ya filimbi ya kuanza mechi. Ile ya mwisho ndiyo tuliyoiita bei ya kufungia.

Kwa nini ile ya mwisho? Kwa sababu kufikia muda huo kila kitu kimeshajulikana: vikosi vimetoka, majeruhi wanajulikana, na wale wenye hela nyingi na hesabu kali huko Asia na Ulaya wameshaweka pesa zao na kuisukuma bei. Hakuna makadirio mazuri zaidi yanayopatikana kwa urahisi. Kampuni nyingi za kwetu hazipangi odi zenyewe, zinazinunua kwa wauzaji wa nje, na bei zikicheza sokoni, za kwao zinafuata, mara nyingine kwa kuchelewa.

Tuchukue mechi moja. Jumatano timu ya nyumbani imewekewa 2.30. Jumamosi mechi inapoanza, bei ni 2.05 nyumbani, sare 3.40, ugenini 3.80. Gawanya 1 kwa kila odi ya mwisho kisha ujumlishe, utapata kama 1.045. Hiyo 0.045 inayozidi moja ndiyo chumvi ya kampuni. Ukiitoa, nafasi halisi ya timu ya nyumbani kushinda ni karibu asilimia 46.7, na odi yake ya haki ingekuwa kama 2.14.

Sasa weka watu wawili. Jamaa yako amebeti shilingi 10,000 Jumamosi kwa 2.05. Kwa wastani, kila akiweka dau la namna hiyo anaiachia kampuni shilingi 430 hivi. Wewe uliweka kiasi hichohicho Jumatano kwa 2.30. Kwa wastani, unaichukulia kampuni shilingi 730 hivi. Mmebeti timu moja, mechi ikiisha mmeshinda wote au mmeliwa wote, ila kwenye vitabu vya kampuni yeye ni mteja na wewe ni gharama.

Utaniuliza kwa nini wasisubiri tu waone nani anashinda. Kwa sababu matokeo yanachelewa mno kusema ukweli. Ukichukua watu wa aina ya jamaa yako na kila mmoja akabeti mara 100 kwa bei kama ile, takribani mmoja kati ya watatu atamaliza akiwa na faida kwa bahati tu. Ukichukua watu wa aina yako, takribani mmoja kati ya wanne atamaliza mara 100 akiwa amepoteza. Kampuni ikibana kila aliye na faida itawafukuza wateja wake wazuri, na itawaacha ndani wale wajanja waliokuwa na mkosi. Bei ya mwisho haina tatizo hilo. Mtu akiipita kwenye mikeka 25 kati ya 30, meza ya odi haina haja ya kujua mechi ziliishaje. Wakati mwingine mteja anabanwa asubuhi baada ya kuliwa usiku, anabaki kushangaa, na sisi tulikuwa hatujaangalia hata salio lake.

Kuna kisa kilichowekwa wazi na wahusika wenyewe. Mwaka 2017 Lisandro Kaunitz na wenzake wawili walichapisha utafiti wao wa kubeti mpira. Hawakuwa na habari za ndani, wala hawakujisumbua kujua nani ameumia. Walichukua odi za kampuni nyingi kwa mechi ileile, wakapiga wastani, wakaufanya wastani huo kipimo cha nafasi halisi, kisha wakabeti pale tu ambapo kampuni moja ilikuwa imeachia bei iliyopanda sana juu ya wenzake. Walifanya hivyo kwa pesa halisi kwa miezi mitano, mikeka 265, dau la kawaida likiwa dola 50. Faida yao haikufika hata dola 1,000. Kwa kampuni za ukubwa ule hizo si hela, na bado walianza kupunguziwa madau, mengine yakiwekewa kizuizi au kutakiwa kupitiwa kwanza na mtu wa odi. Walibanwa kwa mtindo wao, maana mtindo ule ungeweza kurudiwa mwaka mzima, na kwa dau kubwa zaidi.

Bei ya mwisho ina udhaifu wake. Kwenye ligi za chini, mechi za vijana, au soko la kona na kadi, pesa zinazoingia ni kidogo, kwa hiyo hata odi ya mwisho inaweza kuwa ya kubabaisha. Hapo kampuni inategemea tabia. Mtu anayebeti mechi mojamoja tu, kwenye ligi ambayo hakuna anayeifuatilia, dakika chache baada ya odi kuwekwa, anaonekana haraka. Vilevile anayeweka dau la shilingi 37,450. Mshabiki anaweka 5,000 au 40,000. Namba iliyovunjikavunjika mara nyingi imetoka kwenye kikokotoo cha mtu anayegawa pesa kwenye kampuni mbili ili apate faida timu yoyote ikishinda. Ongeza simu inayotumiwa na akaunti tatu, mtu anayekuja siku za bonasi peke yake, na yule anayetoa salio lote kila anaposhinda. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Watu wengi wanatoa salio lote kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Mfumo unajumlisha alama hizo, na zikifika kiwango fulani akaunti inaletwa mbele ya mtu, au mfumo unaibana wenyewe.

Na jamaa yako naye ana alama zake, ila zinaelekea upande mwingine. Anapanga mikeka mirefu, anabeti timu anayoishabikia, anaongeza dau akiwa ameudhika, anacheza laivu hadi usiku. Chumvi ile ya mechi moja inajizidisha kwenye mkeka: ukiunganisha mechi tano zenye makato kama ya mfano wetu, kampuni inabakiza karibu shilingi 20 katika kila 100, kutoka 4 na ushee za mechi moja. Ndiyo maana bonasi za mkeka zinaongezeka kadiri unavyoongeza timu. Kwa maoni yangu hili ndilo baya kuliko kubanwa kwako. Mashine inayomtambua mjanja kwa haraka hivyo inamtambua pia anayejiumiza, na huyo wa pili anaongezewa nafasi.

Kubanwa kwenyewe kunafanyika hivi. Kila soko lina kiasi ambacho kampuni iko tayari kupoteza kwa dau moja, tuseme faida ya shilingi 5,000,000. Kila akaunti nayo ina kizidisho. Ukifungua akaunti unapewa 1. Mteja anayependwa anaweza kupewa 2 au zaidi. Wewe ukishuka hadi 0.01, kiasi chako ni shilingi 50,000 za faida, maana yake kwa odi ya 2.30 dau lako la juu ni kama 38,000. Ukishushwa tena unafika kwenye hizo 2,000. Kwenye laivu kuna njia ya kimyakimya zaidi: baada ya kubonyeza, akaunti yako inasubirishwa sekunde chache zaidi kuliko za wengine, na bei ikisogea katika muda huo dau linakataliwa.

Kabla hujalalamika, hakikisha ni wewe uliyebanwa na si mechi. Mechi ndogo, au yenye tetesi za kupangwa matokeo, inashushiwa kikomo kwa watu wote. Mwombe mtu mwenye akaunti mpya afungue soko lilelile, saa ileile, ajaribu dau kubwa bila kuthibitisha. Yeye akiruhusiwa laki na wewe elfu mbili, na hali ikiwa hivyohivyo kwenye ligi kubwa za Ulaya, jibu umelipata.

Wapo wanaouliza kwa nini kampuni zisiboreshe odi zao badala ya kuwabana watu. Zipo zilizochagua njia hiyo. Pinnacle, iliyoanza mwaka 1998, inakata chumvi ndogo na kuwapokea wanaoshinda, kisha inatumia madau yao kurekebisha bei zake. Betfair ilianza mwaka 2000 kama soko la wachezaji kubetiana wenyewe kwa wenyewe, kampuni ikichukua kamisheni, kwa hiyo anayeshinda hamli mwenye duka. Hata hivyo mwaka 2008 waliwawekea washindi wakubwa tozo ya ziada. Biashara hizo zinataka watu wa odi wengi, wazuri, na mzunguko mkubwa wa pesa. Kampuni inayonunua odi na kutumia hela zake kwenye matangazo na jezi haina uwezo huo, hivyo kukubana wewe ni nafuu kwake. Mahali ambapo hali ilibadilika, ilibadilishwa na kanuni: New South Wales, Australia, tangu 2014 makampuni yanalazimika kupokea dau hadi kiwango fulani kwenye mbio za farasi za huko, hata mbetiji awe mshindi kiasi gani.

Tofautisha pia kubanwa na kunyimwa. Kikomo cha dau kinahusu kesho na hakigusi salio lako. Mkeka uliokubaliwa, ukashinda, kisha ukafutwa au malipo yakazuiwa, hilo ni jambo jingine. Hapo ndipo unapotunza namba ya mkeka, picha ya skrini na ujumbe wa muamala, na kama uko Tanzania unapeleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Najua pia wazo linalokuja baada ya hapo, la kutumia namba ya mke au ya shemeji. Simu ni ileile, mtandao ni uleule, ligi ni zilezile, na bei unazochukua zinaendelea kuipita ile ya mwisho. Akaunti hiyo inabanwa mapema kuliko ya kwanza. Zaidi ya hapo, masharti karibu yote yanakataza kuchezea akaunti ya mtu mwingine, kwa hiyo safari hii kampuni inaweza kushika na salio, na ukienda kulalamika swali la kwanza litakuwa laini imesajiliwa kwa jina la nani.