Salamu ya barua ya Kifaransa usipojua jinsia

"Naomba kazi kwa mkurugenzi wa shule ya msingi huko Lyon. Sijui ni mama au baba. Nianzeje?"

Ndugu yangu, andika Madame, Monsieur, weka mkato, ushuke mstari. Usitangulize Cher, hiyo ni ya mnayefahamiana. Ukitaka kutaja cheo, andika vyote viwili: Madame la Directrice, Monsieur le Directeur. Wengi huteleza mwishoni, kwa kuwa salamu ya kufunga hurudia maneno yaleyale uliyoanza nayo:

Veuillez agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées.

Ukija kujua ni mama, basi Madame la Directrice. Madame le Directeur imepitwa na wakati. Hata Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, ilikubali vyeo vya kike mwaka 2019.