Mwanga wa mwenge unaotetemeka kama taa mbovu: tumia noizi ya tabaka, achana na randomu ya kila fremu

Swali: "Wakuu, nina mienge ukutani kwenye gemu (Unity), nabadilisha intensity kwa Random.Range kila fremu ila inaonekana kama taa ya umeme inayotaka kuungua, sio moto. Na kwenye kompyuta ya jamaa yangu inaenda kasi zaidi kuliko kwangu. Nirekebishe nini? Na mishumaa je, nitumie skripti hiyohiyo?"

Mkuu, nimefanya mienge na mishumaa mingi sana kwenye magemu ya ndani ya mapango na majumba, na matatizo yako yote mawili chanzo chake ni kimoja. `Random.Range` kila fremu inakupa namba ambayo haijui namba iliyopita ilikuwa ngapi. Fremu hii 0.9, inayofuata 0.4, inayofuata 0.85. Moto hauwezi kufanya hivyo manake ni gesi yenye joto, ikipungua inapungua kwa kupitia katikati, hairuki. Halafu kasi ya kutetemeka umeifunga na kasi ya fremu bila kujua, kwahiyo wewe mwenye fremu 60 unapata mabadiliko 60 kwa sekunde na jamaa yako mwenye 144 anapata 144. Wengine watakwambia weka `Lerp` kuelekea namba ya randomu ili ilainike, inalainika kweli, ila ukiandika ile `Lerp` ya kawaida yenye kipimo kimoja tu kila fremu bado umefungwa na fremu zilezile.

Unachotaka ni kitu unachokiuliza "saa hii, sekunde ya 12.4, mwanga uko wapi?" na kikupe jibu lilelile hata kama fremu ni 30 au 144. Hiyo ndio noizi ya Perlin (Ken Perlin aliitoa kwenye makala yake ya 1985, na injini karibu zote zinayo ndani). Kwenye Unity ni `Mathf.PerlinNoise`, inarudisha kati ya 0 na 1 hivi, inaweza kuzidi kidogo sana pembeni. Unampa muda kama x, na y unampa namba ya mwenge huo ili kila mwenge uwe na njia yake.

Sasa noizi moja peke yake haitoshi, hapo ndipo watu wengi wanapoishia na kusema mbona bado ni feki. Tabaka moja la polepole linaonekana kama mtu anazungusha swichi ya kupunguzia taa, tabaka moja la haraka linarudi kwenye ile taa mbovu. Moto una vitu vitatu vinatokea kwa pamoja na kila kimoja kina kasi yake: hewa ya chumba inayousukuma taratibu, ile kupumua kwa moto wenyewe, na vipande vidogo vya ndimi vinavyokatika juu.

Ya katikati ndio tamu manake haihitaji kubahatisha. Watu waliopima moto unaowaka juu ya sehemu ya mviringo wanatumia kanuni ya makadirio: mapigo kwa sekunde ni 1.5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo, kipenyo kikiwa kwa mita. Mwenge wenye kichwa cha sentimita 10 unakupa 1.5 / 0.316, yaani karibu mapigo 4.7 kwa sekunde. Moto mkubwa wa kuni wenye upana wa mita 1 ni 1.5 tu. Ndio maana ukichukua skripti ya mwenge ukaibandika kwenye moto mkubwa bila kugusa kitu, moto unaonekana mdogo kama wa mwanasesere, jicho linajua ukubwa wa moto kwa mwendo wake.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo: ukizidisha muda kwa 4.7 hupati mawimbi 4.7 kwa sekunde. Perlin kwa kawaida inapanda na kushuka polepole kuliko namba unayoizidisha, kwahiyo mimi huwa naongeza kama mara moja na nusu, hivyo 4.7 inakuwa 7. Hii ni ya macho, jaribu wewe mwenyewe.

```csharp
float N(float kasi, float mbegu) =>
    Mathf.PerlinNoise(Time.time * kasi, mbegu);

void Update() {
    float n = N(0.7f, mbegu) * 0.50f
            + N(7.0f, mbegu + 17.3f) * 0.38f
            + N(15.3f, mbegu + 41.9f) * 0.12f;
    taa.intensity = msingi * Mathf.Pow(2f, (n - 0.5f) * 1.6f);
}
```

`mbegu` unaipanga mara moja kwenye `Awake`, mfano `Random.value * 100f`. Hapo randomu ni sawa kabisa, inatumika mara moja tu. Usipofanya hivyo mienge yote ya korido inapumua pamoja, ukumbi mzima unakuwa kama kiumbe kimoja, na mchezaji anaona mara moja.

Angalia uzito: tabaka la polepole limebeba nusu, la haraka limepewa 0.12 tu. Watu wanapenda kufanya kinyume manake la haraka ndio linaonekana kuwa "moto", lakini ukilipa nguvu linakula mengine yote. Na hiyo `Pow` sio mbwembwe, jicho linasoma mwanga kwa uwiano sio kwa kujumlisha, kwahiyo kushuka na kupanda kunahisi sawa ukizidisha. Ukijumlisha tabaka tatu jibu linajikusanya katikati, mara nyingi utakuwa kati ya 0.25 na 0.75, na kwa hesabu hiyo mwanga unacheza kati ya 0.76 na 1.32 ya msingi. Inatosha sana kwa mwenge. Kama unaona haichezi ongeza hiyo 1.6, usiguse kasi.

Mitego miwili ya Perlin yenyewe. Wa kwanza, kwenye namba nzima (x na y zote nzima) inarudisha thamani ileile siku zote, iliyo karibu na katikati. Ukiweka mbegu 1, 2, 3 kwa mienge yako basi kila x inapofika namba nzima mwanga unapita palepale, na unaanza kusikia mdundo, tik tik tik, huwezi kuelezea ila unaona kuna kitu hakijakaa sawa. Ndio sababu ya hizo desimali na ndio sababu kasi zangu sio 1, 2, 4 zinazogawanyika vizuri. Wa pili, kasi ikikaribia idadi ya fremu umerudi ulikotoka. Simu inayokimbia fremu 30, tabaka la kasi 30 linaruka chumba kizima cha noizi kila fremu, kila jibu halina uhusiano na la nyuma, hiyo ni randomu iliyovaa koti. Kwenye simu tabaka la tatu mimi nalishusha mpaka 10 hivi au nalitoa kabisa, hakuna atakayeuliza limeenda wapi.

Mishumaa: hapana, usitumie hiyohiyo. Mshumaa kwenye hewa iliyotulia hautetemeki karibu kabisa, unasimama tu. Magemu mengi yanakosea hapa, mshumaa mezani unacheza kama mwenge wakati wa dhoruba. Unatetemeka hewa ikipita, na ukitetemeka unaenda haraka, mapigo kama 10 kwa sekunde, halafu unatulia tena. Kwahiyo noizi ya polepole iwe ndio mlango unaofungulia ile ya haraka:

```csharp
float upepo = N(0.25f, mbeguUpepo);
float mlango = Mathf.SmoothStep(0f, 1f,
    Mathf.InverseLerp(0.55f, 0.70f, upepo));
float n = N(15.3f, mbegu) - 0.5f;
float nguvu = Mathf.Lerp(0.15f, 1.2f, mlango);
taa.intensity = msingi * Mathf.Pow(2f, n * nguvu);
```

Upepo ukiwa chini ya 0.55 mshumaa unabaki na mtikisiko mdogo sana, ukivuka unaanza kuhangaika, ukirudi unatulia. Na hapa ndio sehemu pekee ambapo mishumaa ya meza moja inatakiwa *ishee* mbegu ya upepo, `mbeguUpepo`, manake hewa inayopita ni moja, ila ile ya 15.3 kila mmoja na yake. Mlango ukifunguliwa kwenye gemu ongeza `upepo` kwa mkono kwa sekunde moja, inauza kweli.

Kilichobaki ni mahali pa taa. Kubadilisha ukali tu kunaacha vivuli vimekauka ukutani, na mtu anaangalia kuta kuliko anavyoangalia moto. Sogeza taa sentimita 3 kwa mwenge, 1 kwa mshumaa, kwa noizi ya tabaka mbili za mwanzo, kila mhimili na mbegu yake la sivyo taa inakwenda kwenye mstari mmoja wa mshazari. Usizidishe: nguzo ikiwa mita 1 kutoka kwenye mwenge na ukuta mita 4 nyuma ya nguzo, sentimita 3 za taa zinakuwa sentimita 12 za kivuli ukutani. Ila hii ina gharama, taa ya nukta inachora kivuli chake mara sita, pande zote, na ikisogea huwezi kutumia kivuli kilichookwa. Mimi huwa nawasha vivuli hai kwa mienge miwili mitatu ya karibu na mchezaji, ya mbali inabaki na ukali tu. Na `range` usiiguse kabisa, ukiichezesha unaona duara la mwisho wa mwanga likitembea sakafuni.

Halafu hiyo `n` ya mwisho ipeleke pia kwenye moto unaoonekana, urefu wa ulimi na mng'ao wa picha yake. Ulimi ukipanda huku ukuta unafifia, kazi yote hiyo imepotea. Rangi nayo kidogo, ukififia uelekee wekundu, kama Kelvin 1900 ukiwaka vizuri na 1750 ukishuka, zaidi ya hapo inakuwa disko.

Kupima: weka `Application.targetFrameRate` 30 halafu 144 (zima vSync kwanza la sivyo haisikilizwi), rekodi zote mbili, angalia ukuta tu sio mwenge. Mwendo ukiwa mmoja, umemaliza tatizo la jamaa yako. Na kama mwenge unajaza skrini nzima, mfano mchezaji ameushika mkononi, weka kitelezi kwenye mipangilio cha kupunguza hiyo 1.6 mpaka sifuri. Mwongozo wa WCAG unasema kisizidi kimweko mara 3 kwa sekunde kwa ajili ya wenye kifafa cha mwanga, na mwenge wetu wa 4.7 ukipewa nguvu kubwa kwenye chumba cha giza unavuka hapo bila shida. Au kwa huyo mchezaji acha tabaka la 0.7 peke yake, bado itaonekana moto.