Unaanza kutunga vidokezo vya fumbo la maneno? Nisikilize kwanza kuhusu NGANO na NDIZI

Nimekuwa nikitunga mafumbo ya maneno kwa ajili ya wanafunzi huku Mbeya kwa miaka kadhaa. Mara nyingi mwalimu wa somo ananipa orodha ya maneno kama 15 hivi, ananiambia nataka gridi moja ila karatasi tatu, A rahisi, B ya kati, C ngumu. Yaani majibu yaleyale, visanduku vilevile, kinachobadilika ni vidokezo tu. Wengi mnaoanza mnadhani kugumisha ni kutafuta maneno magumu ya kamusi na kuyajaza kwenye kidokezo, sivyo kabisa. Nitaeleza kupitia neno moja, NGANO, maana ndo lililoniaibisha.

Kwenye karatasi B niliandika, mlalo, "Zao la Nyanda za Juu Kusini (5)". Nikaona safi. Herufi ya mwisho ya NGANO ilikuwa inakutana na neno la wima, MITO, ambalo kidokezo chake kilikuwa "Ipo mingi Rungwe (4)". Karibu nusu ya darasa wakaniandikia NDIZI na MITI. Sasa angalia hilo balaa: NDIZI ina herufi 5, inaanza na N kama NGANO, inalimwa Rungwe kuliko hata ngano, halafu inaishia na I, na MITI nayo inaishia na I, na miti ipo mingi Rungwe nani atabisha? Kila kosa linalishikilia lingine, mwanafunzi hana hata njia ya kujua kakosea. Mmoja akaniambia mwalimu, fumbo lako lina majibu mawili. Kweli lilikuwa na mawili, sikuwa na la kusema.

Kwahiyo siku hizi kabla sijaandika kidokezo chochote nafanya hivi. Nachukua kila neno naandika herufi zake zinazokutana na maneno mengine tu, zingine naweka mstari. NGANO kwenye gridi ile ilikuwa N _ _ _ O. Halafu najiuliza, bila herufi hizo, ni maneno gani mengine ya herufi 5 yanaingia kwenye kidokezo hiki? Ngano, ndizi, viazi, mboga, yote 5, yote yanalimwa huku. Basi kidokezo hicho siyo kigumu, kimelegea tu. Kigumu ni kile ambacho ukishaona jibu unapiga paji la uso, kilicholegea ukiona jibu unalalamika. MITO nikaibadilisha ikawa "Kiwira na Ruaha (4)", imeisha.

Na mkiandika hizo mistari mtagundua kitu cha Kiswahili chetu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na katikati mara nyingi ni konsonanti irabu konsonanti irabu. Kama gridi yako inakutanisha irabu tu, mtu anabaki na _ A _ I, na hapo kuna kazi, nazi, mali, hali, gari, kadi, wali, radi, we endelea tu kuhesabu. Akipata N _ Z _ karibu ameshafika kwenye nazi. Neno lililopewa irabu tupu, hata kwenye karatasi C, lipeni kidokezo chepesi kidogo, na lililopewa konsonanti unaweza kulibana zaidi. Ugumu anaousikia mtatuzi ni kidokezo ukijumlisha na herufi alizonazo, siyo kidokezo peke yake.

Turudi kwenye ngano, nikatunga upya.

Karatasi A: "Nafaka ya unga wa chapati (5)". Hapa mtu anapewa mpini mmoja wa kushika na ni wa kweli.

Karatasi B: "Ikipanda bei, chapati zinapungua upana (5)". Hakuna neno nafaka wala shamba, anapewa kinachotokea mtaani halafu arudi nyuma kutafuta chanzo. Ila mwangalie hiyo "i" ya "ikipanda", haijakaa pale kwa bahati mbaya. Mtu akifikiria unga, unga ni "ukipanda", mafuta ni "yakipanda", kwahiyo upatanisho unamwambia kimyakimya kwamba siyo hivyo. Hapa ndo wageni wengi wanaanguka, wanasahau kwamba viambishi vyetu vinasema. Ukiandika "Kilianguka Mbozi kutoka angani" kwa neno KIMONDO umeshampa KI bure, visanduku viwili vya kwanza, na hukukusudia. Kwenye karatasi A mpe tu, ndo msaada wenyewe. Kwenye C ficha.

Kuficha kwenyewe: tumia "hu-". Hiyo haina ngeli, "hu-" ya chai ni ileile ya kimondo na ya watu. Karatasi C nikaandika "Shambani huvunwa, jioni husimuliwa (5)". Ngano ya kwenye fasihi simulizi na ngano ya kwenye gunia. Mwanafunzi wa kidato cha pili zote mbili anazijua, ya kwanza kaisoma darasani na ya pili kaila asubuhi, kinachomsumbua ni kuzikutanisha tu. Huo ndo ugumu ninaoutaka mimi, siyo wa kumuuliza kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Maneno ya maana mbili tunayo mengi jamani, kaa, paa, chungu, ua, mto, mbuzi, kiboko. Ila kuna mtego, na nimeingia mara mbili zaidi ya nilivyopaswa. Neno NGOZI. Huku kwetu ni ngozi ya mwili na ni Ziwa Ngozi lile la kwenye kreta kule Rungwe. Nikaandika "Fundi viatu huikata, mtalii huipandia mlima". Nikafurahi kweli, mwalimu wa Kiswahili akakata. Ziwa ni "hulipandia" siyo "huipandia", maana mbili zina ngeli mbili tofauti, kwahiyo kiambishi cha mtendwa kinakuwa cha uongo upande mmoja. Dawa ni kukitoa kabisa: "Fundi viatu hukata, mtalii hupanda kuchungulia (5)". Imekaa. Na kama karatasi inaenda Tanga au Mtwara hicho usikitumie, maana kwao Ngozi ya Rungwe siyo fumbo, ni jografia ya mbali.

Kitu kingine kidogo, mzizi wa jibu usiingie kwenye kidokezo. MPISHI usiseme "anayepika", UVUVI usiseme "kazi ya mvuvi", hata kwenye A. Na jibu likiwa wingi kidokezo kiwe wingi.

Mwisho wa kazi namtafuta mtu ambaye hajaiona orodha, mara nyingi ni jirani yangu mwenye duka, nampa karatasi C na penseli halafu nakaa kimya. Sihesabu aliyopata, naangalia alichofuta. Akifuta neno moja akaandika lingine, nakwenda kwenye kidokezo hicho kwanza. Wiki iliyopita alikaa na ile ya husimuliwa dakika kama tano akaandika HABARI, akaona visanduku havitoshi, akafuta, halafu akacheka peke yake akaandika ngano. Hiyo sijaigusa tena.