Kurudi kwa geimu baada ya miaka kumi: anza na kidole gumba cha kulia

"Assalam alaikum ndugu yangu. Wajua mie niliwacha geimu 2015, tangu tulipokuwa twacheza PES, ile geimu ya mpira, kule Majengo. Sasa nimenunua PS4 ya mkono wa pili, ile nyembamba ya 500GB, nacheza saa moja hivi usiku watoto wakilala. Kijana wa jirani alinipa geimu ya vita ya onlaini, nikawa nauliwa kabla sijamuona adui na kichwa chanizunguka. Mtu wa miaka yetu acheze gani? Intaneti yangu ni bando tu."

Waalaikum salaam kaka. Hio geimu ya vita mrudishie kijana, si ya kurudia mchezo. Wale unaokutana nao onlaini wacheza kila siku, na hapana mahali pa wewe kujifundisha taratibu.

Alafu jambo ambalo watu hawakwambii, kinachokusumbua si umri wala si macho, ni stiki ya kulia, kile kijiti cha pedi unachosukuma kwa kidole gumba. PES yetu ilikuwa stiki ya kushoto na vitufe basi, kamera ilijiendea yenyewe, ile ya kulia tulikuwa twaigusa kwa chenga mara moja moja. Geimu nyingi za sasa kidole cha kushoto chatembeza mtu na cha kulia chageuza kamera, vyote kwa wakati mmoja, na hicho cha kulia chako hakijawahi kufanya kazi hio. Kwa hivyo wageuza kamera sana, wapitiliza, warudisha, wapitiliza tena, na kichwa ndio hapo chaanza kuzunguka. Mimi niliporudi baada ya kazi za bandarini kunishika miaka, ndilo lilonikuta, na likaisha kwa kufuata mpangilio.

Cha kwanza tafuta Hades. Kamera yake iko juu, imetulia, huigeuzi hata kidogo, kwa hivyo vidole vyako vyarudia kukwepa na kupiga bila mzigo wa pili. Ni kijana ajaribu kutoroka kuzimu katika hadithi za kale za Wagiriki, akifa arudi nyumbani kwao na kujaribu upya, na kila akirudi watu wa pale wana maneno mapya ya kumwambia, kwa hivyo kufa si hasara, ndio hadithi yasonga. Safari moja yaeza kuwa nusu saa, saa yako moja yatosha. Sasa ingia kwenye setingi uwashe God Mode. Hio yakupunguzia maumivu asilimia 20 kutoka mwanzo, na kila ukifa yaongeza 2, mpaka ifike 80. Yaani ukifa mara kumi uko 40, adui aliyekuwa akikumaliza kwa mapigo matano sasa yamchukua zaidi ya nane. Geimu yajirekebisha kwa kiasi chako wewe bila kukupa ushindi wa bure, maana kukwepa bado ni juu yako. Nimeona watu waona haya kuiwasha, sioni sababu, waliotengeneza geimu wenyewe ndio walioiweka.

Ukishaona kidole chakwepa kabla hujafikiri, ndio uhamie Uncharted 4, geimu ya kutafuta hazina, ya 2016, diski zake si adimu kwa wauzaji wa mkono wa pili. Hii ndio skuli ya stiki ya kulia. Chagua kiwango cha Explorer, ndicho chepesi kuliko vyote, alafu kwenye menyu ya Accessibility washa Camera Assist na Lock-On Aim. Camera Assist yakugeuzia kamera kufuata unakokwenda, kwa hivyo mwanzoni waeza kutembea kwa stiki ya kushoto peke yake kama zamani, na Lock-On Aim yakushikia shabaha. Cheza hivyo sura za mwanzo. Stiki ya kulia iguse ukiwa umesimama tu, tazama juu ya jengo, tazama nyuma, hakuna anayekufukuza. Kama kamera yakimbia sana punguza kasi yake kwenye setingi, na kama kichwa chaanza kuuma simama hapo hapo usijilazimishe, rudisha kiti nyuma kidogo kutoka kwa tivi na uwache mpaka kesho.

Kipimo cha kujua umepona ni Madagaska, katikati ya geimu, pale wanapokupa jipu kwenye uwanda mpana uendeshe huku ukitafuta njia. Zima Camera Assist hapo. Ukiweza kuendesha na kutazama kando bila kuangalia mikono yako, stiki ya kulia umeishika, na tangu hapo geimu nyingi za hadithi za PS4 ziko wazi kwako. Ukikwama rudisha Camera Assist, cheza sura nyengine, jaribu tena.

Zile kubwa mno ziweke mbali kwanza. Red Dead Redemption 2 ni nzuri kweli kweli na mimi naipenda, lakini yaja na diski mbili, yala zaidi ya GB 100, na vitufe vyake vyabadilika kazi kila ukipanda farasi, ukishuka, ukitoa bunduki. Mtu wa saa moja usiku akikaa wiki mbili bila kuigusa akirudi hajui alikuwa aenda wapi wala kitufe gani cha salamu na gani cha risasi. Hilo ndilo swali la kuiuliza geimu yoyote kabla hujanunua, nikiiwacha wiki mbili ntaweza kuendelea? Hades ndio, Uncharted ndio maana ni njia moja kwenda mbele, Red Dead ngumu.

Mpira najua roho yako iko huko. Jina la PES liliishia na ile ya 2021, Master League, ile ya kuendesha timu yako msimu baada ya msimu, imo, ukiipata diski yake ichukue. Iliyofuata ni eFootball, ni ya bure lakini ilitoka bila Master League na yategemea intaneti, kwa bando utaumia. FIFA nayo tangu 2023 yaitwa FC, ukichukua yoyote kati ya hizo ingia setingi za vitufe uchague Alternate, kupiga goli kwarudi kwenye mraba kama ulivyozoea. Cheza na mashine au na mimi ukivuka feri kuja Likoni.

Kuhusu hio mashine yako, GB 500 kwa kweli waachiwa kama 400 za kutumia, na hata geimu ya diski yajimwaga yote ndani ya memori, diski yabaki kama funguo tu. Weka mbili tatu kwa wakati, ukimaliza futa, sevu zako zabaki. Apdeti nazo zataka nafasi ya ziada wakati zajipanga, kwa hivyo usijaze mpaka mwisho. Na geimu ya mtu mmoja kwa diski yacheza bila intaneti kabisa, ikikwambia kuna apdeti kubwa na bando ni dogo, ikatae ucheze.

Alafu usizoee kuilaza kwa Rest Mode ukaenda kulala geimu ikiwa wazi. Stima ikipotea usiku yale uliyocheza tangu sevu ya mwisho yamekwenda, na asubuhi mashine yakulaumu hukuizima sawa na yaanza kukagua memori. Hades yasevu kila ukiingia chumba kipya, Uncharted yasevu yenyewe njiani, kwa hivyo ngojea alama ya kusevu itoweke, toka mpaka menyu kuu, funga geimu, zima kabisa.

Diski ukinunua igeuze chini ya taa. Mikwaruzo myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni si neno sana, ile inayozunguka kama duara ndio mbaya, na mwambie muuzaji aiweke mpaka ijimwage yote mbele yako, maana diski mbovu yaeza kufunguka vizuri ikakwama asilimia 60 na ushafika nyumbani.