Nimejipa 84, mwenzangu kanipa 58: nianze wapi?

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, naandika ripoti ya utafiti juu ya masoko ya viazi mviringo kwa wakulima wa Uyole, Mbeya. Nimejipima kwa rubriki tuliyopewa nikapata 84 kati ya 100, lakini mwenzangu aliyenisomea amenipa 58. Nani amekosea, na kwa siku nne zilizobaki nianze kurekebisha wapi? Nimeambatanisha rubriki, alama zetu wote wawili na sura ya matokeo.*

Marahaba mwanangu. Kwa sehemu kubwa umekosea wewe, na kosa lenyewe linaonekana ukiziweka alama zenu bega kwa bega. Katika tatizo la utafiti (alama 15) umejipa 13, mwenzako kakupa 11. Mapitio ya maandiko (20) ni 17 kwa 13. Mbinu (20) ni 17 kwa 15. Matokeo na mjadala (35) ni 28 kwa 14. Lugha na marejeo (10) ni 9 kwa 5. Mmepishana alama 26, na 14 kati ya hizo zimo katika kigezo kimoja, yaani matokeo na mjadala. Kwa hiyo mwenzako si mkali kupita kiasi, kwani kwenye mbinu na tatizo mnakaribia kukubaliana. Kuna jambo moja ambalo yeye ameliona na wewe hukuliona.

Rubriki yenu inasema kwamba anayepata 28 hadi 35 ni yule ambaye "matokeo yanafasiriwa kwa kuhusianishwa na malengo na maandiko yaliyopitiwa". Daraja la kati, 18 hadi 27, ni la matokeo yaliyoelezwa kwa usahihi na kufasiriwa kwa sehemu. Chini ya hapo ni matokeo yaliyoorodheshwa tu. Kitenzi kinachotenganisha madaraja hayo ni "kufasiri", nacho ndicho ulichopaswa kukitafuta katika kurasa zako. Sasa soma ukurasa wako wa 31: "Jedwali la 3 linaonyesha kwamba wakulima 27 kati ya 40 huuza viazi shambani, 9 huuza soko la Mwanjelwa na 4 huuza kwa njia nyingine." Baada ya nukta hiyo unaruka moja kwa moja kwenda Jedwali la 4. Sentensi ni sahihi na imeandikwa vizuri, lakini haifasiri chochote. Nimeipitia sura nzima nikiwa na kalamu mkononi, nikapata sentensi mbili tu za fasiri katika kurasa tisa. Mimi ningekupa 16.

Ilikuwaje ukajipa 28? Naamini hukusahihisha kilichoandikwa, bali ulisahihisha unachokijua. Wewe ndiye uliyepanda bodaboda kwenye matope ya Machi kwenda kuzungumza na wakulima hao, na ukiliona Jedwali la 3 maana yake inakujia yenyewe kichwani, kwa hiyo unadhani imo kwenye karatasi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilijiongezea alama za mbinu kwa sababu tu dodoso lilinitesa, na msahihishaji hakuwa na habari na mateso yangu.

Dawa yake ni kujinyima alama usizoweza kuzionyesha. Chapisha rasimu, ficha alama ulizojipa mwanzo, kisha chukua kigezo kimoja na ukifuate katika ripoti nzima kabla ya kugusa kingine. Usisahihishe sura kwa sura, kwa sababu sura iliyokufurahisha huipandisha ile inayofuata. Soma maelezo ya daraja la juu, pigia mstari vitenzi vyake, na mbele ya kila kitenzi andika namba ya ukurasa ambako jambo hilo limefanyika. Pasipo na ukurasa hapana alama, unashuka daraja. Ukisita kati ya madaraja mawili, chukua la chini, kwa kuwa msahihishaji mwenye ripoti sitini mezani hatakaa kukutafutia sababu ya kukupandisha. Na neno la rubriki likiwa na utata, kama vile "kwa kina", mwulize mwalimu wa somo, usilikisie.

Nadhani ukifanya hivyo utakaribia alama za mwenzako, isipokuwa kwenye lugha na marejeo. Hapo amekuadhibu vikali kwa sababu ya marejeo matatu yaliyotajwa ndani ya ripoti lakini hayamo kwenye orodha ya mwisho. Ni kosa kweli, ila ni kazi ya saa moja.

Hilo linatufikisha kwenye swali la wapi pa kuanzia. Wengi huangalia asilimia, nami napendelea kuangalia alama zilizopotea. Kwa hesabu ya mwenzako, lugha imepata nusu na matokeo yamepata asilimia 40, hivyo kwa asilimia yanaelekea kufanana. Lakini kwenye lugha umepoteza alama 5, na kwenye matokeo umepoteza 21. Hata kama lugha ingepata 3 kati ya 10, bado ningekuambia uanze na matokeo. Lipo na la pili: ukianza kunyoosha lugha leo, utakuwa unazipiga pasi aya ambazo kesho utazifuta.

Tuchukue aya hiyo hiyo ya ukurasa wa 31. Lengo lako la pili ni kueleza kwa nini mkulima hupata bei ndogo. Katika Jedwali la 6, kurasa nne mbele, umeandika kwamba kati ya wale 27 wanaouza shambani, 21 walisema mnunuzi huja na magunia yake na kuyajaza kwa lumbesa, yaani kupita ujazo wa kawaida wa gunia. Majedwali haya mawili hujayakutanisha popote. Yakikutana, unaweza kuandika hivi: "Wakulima 21 kati ya 27 wanaouza shambani hujaziwa lumbesa, kwa hiyo, kwa kundi hili, hasara haitokani na bei ya gunia peke yake, bali pia na kiasi cha viazi kinachohesabiwa kuwa gunia moja." Hiyo ni fasiri. Imegusa lengo, na data ulikuwa nayo tangu mwanzo. Lakini usivuke hapo ukadai kwamba ndivyo ilivyo kwa Mbeya nzima, maana wakulima 40 wa eneo moja hawabebi dai hilo.

Ukishaandika hivyo utagundua pengo jingine. Daraja la juu linataka uhusiano na maandiko, nawe mapitio yako yanazungumzia usafiri na bei. Vipimo havimo. Itabidi uongeze aya moja ya mapitio juu ya ufungashaji na vipimo, na hapo alama mbili tatu za kigezo hicho zitapanda bila kuzifuata. Ndiyo maana mapitio yasubiri. Ungeyarekebisha kwanza usingejua yanapungukiwa nini.

Siku mbili za mwanzo zote ziwe za sura ya matokeo, lengo moja baada ya jingine. Ya tatu uongeze aya ya mapitio, kisha umpe mwenzako sura ya matokeo pekee aipime upya bila kumwonyesha 14 aliyokupa. Wewe usijipime tena, kwa sababu utaisoma kazi uliyoihangaikia usiku kucha na utarudi kulekule kwenye 28. Akikupa 22 au zaidi, siku ya nne ni ya marejeo, lugha na idadi ya maneno, ambayo haimo kwenye rubriki yenu lakini imo kwenye ukurasa wa maelekezo. Akikupa chini ya 22, akuonyeshe kwa kidole jedwali ambalo bado halijafasiriwa, na siku ya nne uanze nalo. Marejeo uyamalize jioni.

Kwa kesho asubuhi, chapisha Jedwali la 3 na la 6 kwenye karatasi moja.