Taa ya injini na mlio wa cheni ya taiming wakati wa kuwasha

"Gari langu la sasa lina cheni ya taiming. Nikiliwasha asubuhi linatoa mlio wa chuma kwa sekunde chache, kisha linatulia, na sasa taa ya injini imewaka. Je, ni ukumbusho tu, kama ile taa ya T-BELT ya gari langu la zamani?"

Hapana. Taa ya T-BELT, yaani ya mkanda wa taiming, huhesabu kilomita tu. Ikifika idadi iliyopangwa huwaka, hata kama mkanda bado ni mzima, na mkanda ukiharibika mapema haitakuonya. Taa ya injini uliyo nayo sasa huwaka kwa sababu kompyuta imepima jambo na kuliona haliko sawa.

Gari langu lilikuwa na dalili hizo hizo, na kodi ya hitilafu iliyosomwa kwenye kompyuta ilikuwa P0016, maana yake mkao wa kamshafti haulingani na wa krankshafti, shafti mbili zinazounganishwa na cheni hiyo. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya kamshafti, akafuta kodi, na baada ya muda mfupi ikarudi. Fundi wa pili alifungua kifuniko cha vali, akaona pini ya tensiona, kifaa kinachoikaza cheni, imetoka karibu yote, dalili kwamba cheni imerefuka.

Cheni haivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu ya viungo vyake. Chukua cheni ya viungo 150: kila kimoja kikilika milimita 0.03 tu, cheni nzima imerefuka milimita 4.5. Tensiona hukaza upande uliolegea, lakini haiwezi kufupisha upande unaovuta, kwa hiyo kamshafti huanza kuchelewa nyuma ya krankshafti, na hicho ndicho kompyuta inachokiona. Mlio wa asubuhi una chanzo kingine kidogo: tensiona nyingi hutegemea presha ya oili, ambayo hushuka gari likilala, na cheni iliyorefuka hupiga reli zake mpaka presha irudi.

Kwa sababu hiyo, mlio bila kodi unaweza kuwa tensiona peke yake, na kodi bila mlio inaweza kutokana na sensa, waya, au vali ya oili ya kamshafti iliyonata. Vikija pamoja, mimi ningeishuku cheni kwanza. Pima kiwango cha oili kabla ya lolote, kwa maana oili pungufu au chafu huleta dalili hizi na ndiyo inayoimaliza cheni. Kisha mwombe fundi apime tensiona imetoka kiasi gani kabla hujanunua sensa.

Ikithibitika ni cheni, badilisha pamoja na tensiona, reli na giya zake, kwa kuwa meno yaliyolika huila cheni mpya haraka. Usiendelee kulitembeza eti kwa kuwa mlio unaisha upesi: cheni ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni hugonga vali.