Kilo ishirini zilizonywewa na jua: nilivyoandika mchezo wa sekunde 58

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Chake Chake. Anaandika mchezo mfupi wa simu, mke na mume wanagombania pesa za upatu, na kila akipima unafika dakika mbili na zaidi. Aliniuliza swali moja: "Dada, nikate wapi?" Nilianza kumjibu palepale, nikaona jibu linarefuka, basi nimelileta huku. Najua wengi mnaonisoma mnaandika michezo hii na mnataka itazamwe mpaka mwisho kama ninavyotaka mimi.

Nianze na changu. Mwezi uliopita mchezo wangu wa karafuu ulipokelewa na watu waliokuwa wakitafuta michezo ya chini ya dakika moja kuhusu ugomvi wa pesa katika familia, wenye funzo linaloeleweka. Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini ule uliopokelewa ni wa pili. Wa kwanza niliwapelekea watu hao hao mwaka jana, wakanirejeshea kwa sentensi moja: "Hii ni hotuba." Iliniuma sana, kwa sababu mambo yaliyomo ndani yake yalinipata mimi mwenyewe.

Sisi tumeachiwa mikarafuu na baba, huku upande wa Wete. Mimi ndiye niliyebaki shamba, kaka yangu mkubwa anaishi Unguja. Msimu mmoja alinipigia simu nikiwa shambani na wachumaji, akaniuliza tumechuma kiasi gani. Nikamwambia kilo kadhaa, nikikusudia mbichi, maana ndizo zilizokuwa mbele yangu. Wiki mbili baadaye nikampelekea fungu lake. Akaja na boti. Hakuingia hata ndani. Alisimama uani na kuniuliza mbele ya mwanangu na jirani, karafuu nyengine nimemuuzia nani.

Mtu wa Pemba anayesoma hapa ameshajua kilichotokea. Karafuu ikitoka mtini imejaa maji. Ukishaichambua, ukatenga makonyo, ukaianika kwenye jamvi, jua likiwa zuri kwa siku nne au tano, kilo tatu za mbichi hukupa takriban kilo moja ya kavu. Kituoni inapimwa kavu, unalipwa kavu. Kaka yangu alitoka nyumbani akiwa kijana mdogo, hakuwahi kusimamia uanikaji. Alipiga hesabu kwa kilo za mbichi akaona theluthi mbili zimepotea, na aliyekuwa karibu na mali ni mimi.

Basi nilipokaa kuandika mara ya kwanza, niliandika kwa hasira. Nilitia yote: mirathi, ujira wa wachumaji, ada ya skuli ya mwanangu, wifi anayechochea kwenye simu. Nikamtia na ami mzee, anatoka barazani na bakora yake, anazungumza kuhusu udugu kwa sekunde arubaini. Mwishoni kaka analia, anapiga magoti. Ulikuwa na dakika moja na sekunde 50. Nikaupunguza kwa kuwaambia waigizaji waseme haraka, wakawa kama wanatangaza mnada.

Nilijifunza kwanza kuhesabu maneno. Chukua saa ya simu, simama, soma mazungumzo yako kwa sauti ya ugomvi wa kweli, pamoja na kunyamaza kwake. Mimi nikisoma hivyo, kwa dakika nzima siwezi kupita maneno mia na kidogo, na hapo hakuna mtu aliyeinuka, aliyegeuka, wala aliyeshika kitu. Mchezo ukiwa na vitendo, nusu ya muda ni ya macho. Wa kwanza ulikuwa na maneno zaidi ya 200. Huu wa pili una maneno 37 ya kusemwa. Nauweka wote hapa, muuone:

0:00 Karibu sana: kiganja cha mwanamume kimeshika noti. Nyuma yake, jamvi la karafuu.
KAKA: Ulichuma kilo 30. Umeniletea pesa za kilo 10.

0:06 Dada anageuza karafuu kwa mkono, hainui kichwa. Mtoto anachambua makonyo pembeni.
KAKA: Ishirini ziko wapi?
DADA: Kaka, mtoto anasikia.
KAKA: Asikie! Shamba la baba hili.

0:18 Mtoto anaacha kuchambua. Dada anainuka, anachukua karafuu moja mbichi pakachani, anaitia kwenye kiganja cha kaka, juu ya noti.
DADA: Ponda.
Kaka anaiponda kwa ukucha. Kidole kinalowa, noti inalowa.

0:27 Dada anamtilia karafuu kavu.
DADA: Vunja.
Inavunjika: *ta!* Kidole kikavu.

0:33 DADA: Siku nne juani, kilo tatu zinabaki moja. Ishirini zako, jua limezinywa.
Kimya. Kaka anatazama noti yenye doa la maji.

0:42 Kaka anachutama mbele ya mtoto.
KAKA: Mama yako hakuiba. Mimi sikuuliza.

0:49 Ngurumo. Dada anawahi pembe ya jamvi. Kaka anawahi pembe ya pili. Wanaliinua pamoja.

0:54 Maandishi: *Uliza kabla hujatuhumu. Ukituhumu mbele ya watu, omba radhi mbele yao.*

Tazama ugomvi wenyewe. Ni hesabu moja tu: thelathini, kumi, ishirini. Sikutaja bei ya kilo wala fungu la nani ni kubwa. Mirathi nimeitoa, ingawa ndiyo iliyo chini ya yote, kwa sababu haimalizwi kwa dakika moja. Mirathi ina kadhi na warithi, na ina miaka. Ukiiingiza, mtazamaji atauliza maswali ambayo mchezo wako hauna nafasi ya kuyajibu, na akili yake itabaki hukohuko. Mgogoro unaoweza kumalizwa kwa dakika moja ni ule uliotokana na jambo ambalo mmoja analijua na mwengine halijui. Hapo likidhihirika, ugomvi hauna pa kusimama. Ugomvi wa mume aliyekula pesa za mkewe makusudi hauna mwisho wa sekunde 58. Ukiulazimisha, msamaha wake utakuwa wa uongo na watazamaji watakwambia.

Jambo la pili ndilo lililonichukua miezi. Anayemaliza ugomvi asiwe mtu wa kuzungumza, kiwe kitu cha kuonekana. Yule ami wangu mwenye bakora alisema maneno ya haki kabisa, lakini hakuna kilichobadilika mbele ya macho ya kaka. Kaka alishindwa kwa umri wa mzee tu. Kwenye mchezo wa pili, kaka anaponda karafuu kwa kidole chake mwenyewe. Maji anayaona yeye. Dada hahitaji kujitetea, na mimi mwandishi sihitaji kumtetea.

Karafuu ile ilinijia hivi. Nilikuwa naanua jioni, nikachukua moja kuivunja kujua kama imekauka, kama tunavyofanya siku zote. Kavu huvunjika kwa sauti. Nikaivunja nikasema moyoni, lau ningempa kaka siku ile hii moja na mbichi moja, tusingefika tulikofika. Nikaacha jamvi, nikaenda kuandika. Mvua ikanikamatia karafuu zangu, na ndipo nilipopata mwisho wa mchezo: jamvi lililojaa halibebeki na mtu mmoja.

Sauti ile ya kuvunjika ndiyo kitovu cha mchezo. Siku ya kupiga picha, uani, upepo uliifuta kabisa. Tulipiga mara sita. Mwishowe tukaingia jikoni, tukafunga dirisha, simu nikaiweka karibu na vidole, nikavunja karafuu kumi moja baada ya moja, tukachukua sauti iliyo nzuri tukaibandika juu ya picha ya uani. Ngurumo pia tulibandika. Na panga saa zako na adhana. Sisi ilitukuta katikati ya "Mama yako hakuiba," tukangoja, tuliporudi jua lilishageuka na kivuli cha kaka kikawa upande mwengine. Maandishi ya mwisho nayo msiyaweke chini kabisa ya kioo. Simu ikiwa wima, chini na pembeni kulia ndipo vinapokaa vitufe na maelezo, funzo lako litafunikwa.

Narudi kwenye funzo, maana hapo ndipo mtu anapotaka kuhubiri, nami nilihubiri. Waliniomba funzo lieleweke, nami niliona kueleweka ni kurefusha. Jipimeni hivi: zimeni sauti, fungeni maandishi, mpeni mtu ambaye hajui hadithi atazame. Nilimpa muuza mkate jirani yangu. Aliniambia, "Huyu alimdhania mwenzake, kisha akaona haya." Nikajua yamefika. Ule wa kwanza nilimpa yeye yule, akaniuliza mzee ana hasira na nani.

Na jambo jengine nalisema kwa uchungu wake. Msiandike ili mumdhalilishe mtu. Nilimpigisha kaka magoti kwa sababu nilitaka wangu apige magoti. Mtazamaji haoni toba pale, anaona kisasi cha mwandishi. Nilipomfanya achutame mbele ya mtoto, awe kimo kimoja na aliyemsikia akimtukana mama yake, nikapata kitu nilichokuwa nakidai miaka yote bila kukijua: mwanangu aambiwe. Mimi nilishamsamehe kaka. Mtoto hakuambiwa na mtu. Wenye kugombana uani mbele ya watoto, kisha mkapatana ndani mkiwa wawili, mtoto anabaki na nusu ya kwanza ya habari, analala nayo, anakua nayo. Muogopeni Mungu katika hilo.

Kaka yangu ameuona mchezo. Aliutuma mwenyewe kwenye kundi la familia bila neno lolote. Jioni akapiga simu, hakuniuliza mimi, akaomba kuzungumza na mwanangu. Nikampa simu nikatoka nje. Sijamuuliza mtoto walizungumza nini.

Sasa wewe wa Chake Chake. Skripti yako nimeisoma mara tatu. Yule shemeji anayeingia kwenye sekunde ya 50 kutaja mahari, mtoe. Ugomvi wako ni zamu ya upatu iliyochukuliwa na mtu asiyejulikana, na daftari la upatu unalo tayari mezani tangu mwanzo, hakuna aliyelifungua. Mpe mume alifungue yeye. Asome jina kwa kidole, kimya, mke akimtazama. Ukishaiandika upya skripti, isome kwa saa, kisha nitumie kabla ya Ijumaa.